Mawimbi ya Forodhani: dhana potofu kuhusu vigae na paleti

Dhana: Ili bahari icheze, kila kigae cha maji kichorwe upya.

Ukweli: Katika mchezo ninaoutengeneza, skrini ina vigae 240, na 140 kati yake ni maji ya mbele ya Forodhani. Ramani haina picha 140. Ina namba moja ya kigae iliyorudiwa mara 140. Nikibadilisha picha ya kigae hicho, bahari yote inabadilika pamoja. Kwa paleti, yaani orodha ya rangi zenye namba, hata picha siigusi: pikseli zinabaki na namba zake, zinazozunguka ni rangi nane tu, za namba 8 hadi 15.

```lua
local mwisho = pal[15]
for i = 15, 9, -1 do
  pal[i] = pal[i-1]
end
pal[8] = mwisho
```

Nikiiendesha kila milisekunde 150, wimbi linamaliza mzunguko kwa sekunde 1.2.

Dhana: Ukizungusha rangi, maji yatakwenda yenyewe.

Ukweli: Hakuna kinachokwenda. Jicho linaona mwendo kwa sababu michirizi imepangwa kwa mfuatano: namba 8 upande wa kina, 15 upande wa ukuta, kisha 8 tena. Ukiipanga kinyume, mawimbi yatarudi baharini.

Hapa ndipo nilipopoteza siku mbili. Mwanzo nilitumia rangi sita kwenye kigae cha pikseli 16. Kumi na sita haigawanyiki kwa sita, basi kila mpaka wa kigae ukaacha mshono, bahari ikawa kama sakafu ya marumaru. Rangi nane, kila moja mchirizi wa pikseli mbili, zinajaza kigae sawasawa na mshono unatoweka.

Kosa jingine lilikuwa tanga la jahazi. Nililipaka nyeupe ya povu, namba 12, likawa linamemeteka pamoja na maji. Nyeupe ileile sasa ipo pia kwenye namba 3, nje ya mzunguko, na tanga linatumia hiyo.

Dhana: Picha yoyote ya PNG itafaa.

Ukweli: Injini nyingi za leo huigeuza picha kuwa rangi kamili zinapoipakia, na namba zikapotea. Inabidi uhifadhi namba kama picha, kisha sheda, programu ndogo inayopaka kila pikseli, isome rangi kutoka kwenye paleti. Kichujio kiwe `nearest`. Kikiwa `linear`, 8 na 15 zinapokutana huchanganywa kuwa namba za katikati, kama 11 au 12, na utaona uzi wa rangi ngeni mpakani.

Dhana: Paleti inatosha kwa kila kitu.

Ukweli: Haibadilishi umbo. Makuti ya mnazi yanayopeperushwa na Kusi yanahitaji fremu tatu au nne za kigae. Na maji yanapokupwa kule Jambiani, mchanga ukabaki wazi hadi mbali, hapo ni namba za vigae kwenye ramani yenyewe zinazobadilishwa, safu baada ya safu.