Bima ya wizi hailipi kila wizi

"Kaka, duka langu la leso hapa Malindi lina bima ya wizi. Chochote kikiibwa si nitalipwa?"

Hapana, dada. Bima hiyo kwa kawaida ni ya uvunjaji: mwizi awe ameingia au ametoka kwa nguvu, na nguvu hiyo iache alama, kama kufuli iliyokatwa au bati lililong'olewa.

Tuseme usiku wamekata kufuli wakabeba mali ya shilingi 80,000. Unalipwa, ila kuna sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. Mkataba ukisema asilimia 10, utapokea 72,000. Wiki inayofuata, mchana duka li wazi, mteja anaficha leso tatu mkobani. Hapo hupati kitu, maana hakuna kilichovunjwa. Ukihesabu mali mwisho wa mwezi ukakuta upungufu usioelezeka, jibu ni lile lile.

Wizi wa msaidizi wako wa dukani una bima yake, ya uaminifu wa wafanyakazi. Pesa za droo nazo mara nyingi hukatiwa bima peke yake.

Linaloniuma zaidi ni watu waliovunjiwa kweli kisha wakapoteza ushahidi kwa haraka ya kutengeneza mlango. Piga picha kwanza, hata ya ile kufuli iliyo chini. Ripoti polisi, chukua namba ya OB, arifu kampuni siku hiyo hiyo. Risiti za kununulia mali zihifadhi nyumbani, si dukani.