Maana ya "Comments are turned off" chini ya video

Umemaliza kutazama video YouTube, una swali, unateremka chini kuliandika, unakutana na mstari mmoja tu: "Comments are turned off". Wengi hukimbilia kusema mwenye chaneli anaogopa kukosolewa. Huenda ni kweli, kwa sababu kila mwenye chaneli ana uwezo wa kuzima maoni kwenye video yake. Lakini huenda pia hajagusa kitufe hicho hata kidogo. Mstari huohuo hutokea video inapowekewa alama kwamba imetengenezwa kwa ajili ya watoto, na hapo maoni hufungwa na mtandao wenyewe.

Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, inayozuia kukusanya taarifa binafsi za watoto walio chini ya miaka 13 bila ridhaa ya wazazi. Mwaka 2019 kampuni ya Google na YouTube yake zilikubali kulipa dola milioni 170 kumaliza shauri lililohusu sheria hiyo. Tangu Januari 2020, video za watoto zilipunguziwa huduma kadhaa kwa mpigo: maoni, matangazo yanayomfuata mtazamaji kulingana na tabia zake, kengele ya taarifa na nyinginezo.

Kwa kuwa huduma hizo hufungwa pamoja, mtazamaji anaweza kutambua sababu bila kumuuliza mtu. Jaribu kuihifadhi video hiyo kwenye orodha yako ya kutazama baadaye. Ikikataa, nayo maoni hayapo, basi ni mpangilio wa watoto. Ikihifadhika kama kawaida, elekea zaidi kuamini kwamba mwenyewe ndiye aliyezima.

Tuchukue mfano wa mtu anayefundisha watu wazima kuchora kwa penseli. Amepandisha somo la kuchora simba, na wanafunzi wanamlalamikia kwamba hawana pa kuuliza. Anafungua YouTube Studio, anaingia kwenye mipangilio ya video, na sehemu ya maoni haimpi njia ya kuyawasha. Anahangaika hapo kwa muda mrefu, kumbe tatizo liko kwingine, kwenye swali la hadhira. Siku ya kupandisha video aliulizwa kama imetengenezwa kwa watoto, akachagua "Yes, it's made for kids", akiwaza: haina matusi wala damu, mtoto anaweza kuitazama.

Hapo ndipo watu wengi wazuri wanapojikwaa. Swali halikuwa kama video inamfaa mtoto, bali kama mtoto ndiye aliyelengwa. Kinachoangaliwa ni mada, wahusika, midoli, nyimbo, na lugha inayotumika. Somo la kutia kivuli kwenye manyoya ya simba, linaloelezwa kwa watu wanaojifunza kuchora, linafaa familia nzima bila kuwa la watoto. Mwalimu wetu akirekebisha jibu na kuweka "No, it's not made for kids", njia ya kufungua maoni inarudi. Akiona kwamba alama hiyo iliwekwa na YouTube wenyewe, hawezi kuibadilisha kwa mkono wake. Njia iliyopo ni kukata rufaa. Na kama video kweli ni ya watoto, asibadilishe jibu kwa ajili ya kupata maoni tu. Atakuwa ametoa taarifa ya uongo juu ya jambo ambalo sheria inalihusisha na watoto, na nadhani hakuna maoni yenye thamani hiyo.

Maoni yaliyozuiliwa yakisubiri kukaguliwa ni jambo tofauti kabisa, na linachanganya zaidi kwa kuwa halina tangazo. Sehemu ya kuandikia ipo wazi, maoni ya wengine yanaonekana, yako tu ndiyo watu hawayaoni. Mara nyingine wewe mwenyewe unayaona kwenye skrini yako, unangoja majibu siku tatu, na hakuna mwingine aliyeyasoma. Panga maoni kuanzia mapya, kisha fungua video hiyo kwa kivinjari ambacho hujaingia na akaunti yako. Yakikosekana huko, ama yamezuiliwa, ama yamefutwa, ama mwenye chaneli amekuficha. Kiungo cha tovuti ndani ya maoni, au neno lililomo kwenye orodha ya maneno aliyoyazuia, linatosha kuyakwamisha. Kwa hiyo andika upya bila kiungo uone. Kwa upande wa mwenye chaneli, yanakaa YouTube Studio chini ya "Held for review" kwa muda usiozidi siku 60. Asipoyapitisha ndani ya siku hizo, hayatakuwepo tena atakapokuja kuyatafuta.