Stakabadhi ya malipo ya sehemu, na maana ya neno "baki"

Stakabadhi, ambayo wengi huiita risiti, ni maandishi ambayo mpokeaji wa fedha humpa mlipaji kukiri kwamba kiasi fulani kimemfikia, siku fulani, kwa ajili ya jambo fulani. Kuthibitisha kupokea ni hatua inayotangulia: mpokeaji hujiridhisha kwanza kwamba fedha imeingia kweli, kisha humjulisha mlipaji. Mambo haya mawili huwa mepesi pale bei yote inapolipwa kwa mkupuo mmoja. Ugumu huanza malipo yanapokuja kwa awamu, maana hapo stakabadhi inatakiwa pia iseme kilichobaki.

Tuchukue mfano wa fundi wa milango ya nakshi mjini Bagamoyo, aliyeagizwa na mama mmoja wa Dar es Salaam mlango wa mninga kwa shilingi 2,400,000. Tarehe 3 Juni mama alitoa arubuni ya shilingi 1,000,000 taslimu, na tarehe 20 akatuma fedha nyingine kwa simu. Fundi anapopata ujumbe wa muamala, asiandike chochote kabla ya kuangalia salio la akaunti yake mwenyewe, kwa kuwa ujumbe wa kughushi unaweza kufanana na wa kweli kwa kila neno, lakini hauwezi kuongeza fedha kwenye akaunti. Dalili nyingine ni kwamba ujumbe huo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, si kwa jina la huduma yenyewe.

Sasa, mama alituma shilingi 810,000. Je, stakabadhi iandikwe kiasi gani? Jibu linategemea makubaliano, na hapa ndipo watu wengi hukosana. Ikiwa walikubaliana kwamba atume 800,000 "na ya kutolea", basi 800,000 ndiyo inayopunguza bei ya mlango, na 10,000 hutajwa kando kuwa ni gharama ya kutoa fedha. Ikiwa hawakukubaliana hivyo, fedha yote iliyoingia ni malipo ya mlango, na makato atakayokatwa fundi kwa wakala ni juu yake. Kwa maoni yangu, ni kosa kwa mpokeaji kuandika kiasi alichobaki nacho mkononi baada ya kukatwa, kwa sababu mlipaji hakutuma kiasi hicho na kumbukumbu ya simu yake itampinga.

Neno "salio" nalo huchanganya. Katika ujumbe wa simu, salio ni fedha iliyomo katika akaunti. Katika stakabadhi, watu hulitumia kwa maana ya deni ambalo halijalipwa. Ndiyo maana napendelea "baki ya deni", ambayo haiachi shaka ni nani anayedaiwa. Fundi wetu, aliyekubaliana na mama juu ya ya kutolea, angeweza kumwandikia hivi:

"Shikamoo mama. Leo tarehe 20 Juni nimepokea kwa simu shilingi 800,000 (laki nane) za mlango wa mninga, pamoja na 10,000 ya kutolea. Bei tuliyokubaliana ni 2,400,000. Ulishalipa 1,000,000 tarehe 3 Juni. Jumla uliyolipa ni 1,800,000, na baki ya deni ni 600,000. Stakabadhi nimeikata, nakala nakutumia."

Angeandika tu "baki 600,000", hesabu ingekuwa sahihi lakini isingeweza kukaguliwa. Tuseme wiki inayofuata mama anaomba komeo na bawaba za shaba, kwa shilingi 150,000 zaidi. Baki itakuwa 750,000, na mtu aliyeshika stakabadhi ya 600,000 atadhani anaibiwa. Nyongeza hiyo iandikwe kwa tarehe yake kama ongezeko la bei, ambayo sasa ni 2,550,000, kabla ya malipo mengine kupokelewa. Stakabadhi ya zamani isifutwe wala kurekebishwa kwa kalamu, kwa sababu ilikuwa kweli siku ilipotolewa.

Mfanyabiashara mwenye mashine ya EFD hutoa pia risiti ya mashine kwa kiasi alichopokea. Risiti hiyo ni ya kodi, na kwa kawaida haisimulii arubuni ya mwanzo wala deni lililosalia, hivyo maelezo ya baki bado yanahitaji maandishi yake.

Malipo ya mwisho yanapoingia, nafasi ya baki isiachwe wazi, kwa kuwa nafasi tupu hujazwa na yeyote mwenye kalamu. Iandikwe "hakuna", na chini yake, "bei yote ya mlango imelipwa", pamoja na sahihi na tarehe.