Buti na glavu za fundi nondo: soma maandishi kabla ya kulipa

Chukulia fundi nondo anayefunga slabu. Anakanyaga mbao zenye misumari, anabeba nondo, anakaza waya kwa koleo kutwa nzima, na siku ya kumwaga zege naye yumo.

Fungua buti usome kibandiko cha ndani, mara nyingi kwenye ulimi. Tafuta EN ISO 20345. Ukikuta 20347, rudisha: kwa nje kinafanana, lakini kiwango hicho hakidai kofia ya kulinda vidole. Kofia ya 20345 hupimwa kwa uzito wa kilo 20 unaoangushwa kutoka takribani mita 1.

Kisha tazama daraja. S1 haizuii msumari. S1P inauzuia, ila ngozi yake haikupimwa kwa maji. Fundi wetu anahitaji familia ya S3, yenye vyote viwili pamoja na soli ya meno. Kwenye toleo la 2022, S3 tupu ina bamba la chuma, S3L ina kitambaa kigumu kilichopimwa kwa msumari wa milimita 4.5, na S3S kitambaa kilichopimwa kwa msumari wa milimita 3. Wengi hudhani msumari mnene ndio mtihani mgumu. Sivyo: mwembamba hupenya nyuzi kwa urahisi zaidi. Saiti yenye misumari ya inchi 2 kila mahali, mimi nachagua S3 au S3S.

Jaribu buti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi zako za kazi. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele. Kidole kimoja kipite nyuma ya kisigino. Funga kamba, kisha chuchumaa. Ukingo wa kofia ukibana vidole, tafuta muundo mpana zaidi, maana kofia haitanuki kwa kuvaliwa. Kuongeza saizi tu hufanya kisigino kicheze na kuchubuka.

Glavu zina alama ya nyundo na EN 388, chini yake mfano 4X43C. Namba hizo kwa mpangilio ni msuguano, kukatwa kwa kipimo cha zamani, kuchanika na kutobolewa. Herufi ni kukatwa kwa kipimo kipya, A hadi F. X maana yake haikupimwa. Kwa nondo, dai 4 mwanzoni, kwa sababu mbavu za nondo husaga kiganja kama tupa. Glavu ya 2121X itatoboka mapema.

Zungusha futi ya kitambaa kwenye kiganja bila gumba: milimita 203 ni saizi 8, 229 ni saizi 9. Ncha za vidole vya glavu zikibaki tupu, waya utazinasa unapousokota.

Siku ya zege, badilisha. Glavu ya kufuma iliyochovywa kiganjani tu hunyonya maji ya saruji mgongoni na kuyashikilia kwenye ngozi, na saruji mbichi huunguza taratibu bila maumivu ya mwanzo. Vaa ya nitraili nzima, ndefu, yenye EN ISO 374, na ikiingia zege ndani, ivue hapo hapo unawe.