Westfalia haikusema hivyo

Mjadala wa nchi moja kuingilia mambo ya nyingine ukianza tu, hakosi mtu wa kusema: "Tangu Westfalia, 1648, kila dola ni bwana kwake." Nimechoka. Mikataba ile ya amani, iliyofungwa Westfalia, Ujerumani, ipo, inasomeka, na haisemi hivyo.

Vita ilivyovimaliza, Vita vya Miaka Thelathini, nivipite haraka. Vilianza Praha 1618, Waprotestanti wa Bohemia walipowatupa dirishani maofisa wa mfalme wao Mkatoliki. Vikaingiwa na Denmark, Sweden na Ufaransa, vikaiacha Ujerumani na mamilioni ya wafu. Mikataba ilitiwa saini Oktoba 24, 1648: wa Osnabrück na Sweden, wa Münster na Ufaransa.

Sasa usome ule wa Osnabrück. Amani ya Augsburg ya 1555 ilimruhusu mtawala kuchagua dini, raia wakafuata au wakahama. Mwaka 1648 ruhusa hiyo ilibanwa. Kwa sehemu kubwa ya Milki Takatifu ya Kirumi, muungano wa majimbo ya Ujerumani chini ya Kaisari, ikawekwa tarehe, Januari 1, 1624: waliokuwa na kanisa siku hiyo wakabaki nalo, hata mtawala akibadili dini. Huyo ni bwana gani kwake, asiyeweza kugusa kanisa lililo mbele ya kasri lake? Tena kila aliyesaini alijifunga kuulinda mkataba, hivyo Ufaransa na Sweden zikapata haki ya kuingilia mambo ya Wajerumani kwa maandishi.

Wanaopinga hawakosi hoja. Wakuu wa majimbo walithibitishiwa haki ya kufanya mapatano na nchi za nje, na Uswisi ikatolewa chini ya mahakama za Milki. Wanahistoria tunabishana bado haki hizo zilikuwa na uzito gani. Lakini mapatano hayo yalikatazwa kabisa kumlenga Kaisari au Milki, na hilo husahaulika kila mara.

Tazama Heidelberg, mji wa jimbo la Pfalz. Katika Kanisa la Roho Mtakatifu, Wakatoliki walisali upande wa madhabahu na Wakalvini, tawi la Waprotestanti, kwenye ukumbi, ukuta ukiwa katikati. Mwaka 1719 mtawala wa Pfalz, Karl Philipp, Mkatoliki, aliwanyang'anya Wakalvini ukumbi, akapiga marufuku katekisimu yao kwa sababu swali la 80 linaiita Misa ibada ya sanamu. Kwa nadharia ya "bwana kwake", habari ingeishia hapo. Haikuishia. Wakalvini walishtaki kwa Waprotestanti wenzao kwenye Bunge la Milki, wakiushika mkataba. Mfalme wa Prussia, na George wa Kwanza wa Uingereza kama mtawala wa Hannover, wakalipiza kwa kufunga makanisa ya Wakatoliki waliokuwa chini yao. Kaisari, Mkatoliki mwenzake, naye akamsukuma arudi nyuma. Mwaka 1720 Karl Philipp aliurudisha ukumbi, ukuta ukajengwa upya, naye kwa hasira akahamishia makao yake Mannheim.