Bei ya chini ya Zanzibar na simu ya laki nne

“Simu ni rahisi kwa sababu ni mzigo wa Unguja, ushuru wake mdogo.”

Ndivyo wanavyodai baadhi ya wauzaji wa mtandaoni, lakini hesabu haikubali. Simu inayouzwa shilingi 1,200,000 Dar es Salaam, VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani yake, hata ikifutiwa VAT yote hushuka hadi takriban 1,017,000. Na Zanzibar VAT haifutwi, ni asilimia 15. Kwa hiyo anayeitangaza mtandaoni kwa 400,000 hana nafuu ya kodi: ama simu si hiyo, ama haipo.

Kabla ya kulipa, ulizia bei sokoni Darajani, Unguja, kisha mwombe muuzaji akupigie simu ya video, awashe simu hiyo na abonyeze *#06# mbele yako ili namba yake ya IMEI itokee, kwani picha ya kuazima haiwezi kufanya hivyo. Unapotuma pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likitofautiana na la duka, na maelezo yakawa “laini ya shemeji”, sitisha. Jina kulingana nalo halitoshi, maana laini huweza kusajiliwa kwa kitambulisho cha mwingine. Mwenye duka kweli huko Mlandege, Unguja, hatakataa umtume jamaa aikague na kulipa papo hapo. Tapeli hudai “advansi ya boti” kwanza.