“Simu haikupata jibu, basi rekodi haikufika”: dhana zinazojaza hifadhidata rekodi rudufu

Kwa mara nyingine nimeletewa faili la mapokezi ya maziwa lenye mistari mingi kuliko vipimo vilivyofanyika, pamoja na swali lile lile ninaloulizwa na karibu kila timu iliyotengeneza programu ya kufanya kazi bila mtandao: “Simu ilituma ikashindwa, ikatuma tena ikafaulu. Imekuwaje seva iwe na rekodi mbili?” Kosa limo ndani ya swali lenyewe, kwa kuwa muulizaji ameshaamua kwamba mara ya kwanza simu ilishindwa, ilhali simu haikuwa na njia yoyote ya kulijua hilo.

Dhana: Ombi lililokosa jibu ni ombi ambalo halikufika.

Ukweli ni kwamba kila ombi lina safari mbili, ya kwenda na ya kurudi, na mtandao unaweza kukatika katika yoyote kati ya hizo. Huenda ombi lilipotea kabla ya kufika kwenye seva. Huenda lilifika, lakini seva ikaanguka kabla ya kuandika chochote. Huenda pia lilifika, likaandikwa na kuthibitishwa, kisha jibu ndilo likapotea njiani. Kwa simu, hali zote tatu zina sura moja: muda wa kusubiri umekwisha na hakuna kilichorudi. Msanidi anayeandika katika programu yake kwamba muda ukiisha basi rekodi “haijatumwa” ameigeuza hali isiyojulikana kuwa jambo la hakika, na hapo ndipo rekodi rudufu huzaliwa.

Tuitazame asubuhi moja ya chama cha ushirika kilichonipa kumbukumbu za seva yake nizichunguze. Karani wa mapokezi alikuwa katika kituo cha mlimani kisicho na mtandao, akapima maziwa mara 43. Hifadhidata ya ndani ya simu ilikuwa na mistari 43, na foleni ilikuwa na vitendo 43 vikisubiri kutumwa. Mpaka hapo kila kitu kilikuwa sahihi. Aliposhuka hadi barabara kuu, mtandao ulirudi ukiwa dhaifu, na programu ikaanza kuipunguza foleni. Rekodi ya mkulima mmoja, lita 11.5, iliondoka kwenye simu saa 08:10:05 na kuandikwa kwenye seva saa 08:10:08. Jibu halikurudi. Simu, iliyopangiwa kusubiri sekunde 10, ilikata tamaa saa 08:10:15, ikapumzika sekunde 5, ikatuma tena, na seva ikaandika mstari wa pili saa 08:10:21. Kufikia jioni seva ilikuwa na mistari 51 badala ya 43, na mkulima yule alihesabiwa lita 23 ilhali ng’ombe wake walitoa 11.5 tu.

Jibu la kwanza la timu nyingi ni kuongeza muda wa kusubiri kutoka sekunde 10 hadi 60. Hilo hupunguza idadi ya rudufu, lakini haliziondoi, kwa sababu simu inaweza kuzimika chaji au kuingia kwenye bonde wakati jibu liko njiani, na hakuna muda wa kusubiri unaoweza kurudisha jibu lililopotea. Wengine hupendekeza simu isijaribu tena kabisa. Hao wanabadilisha kosa la kumlipa mkulima mara mbili kwa kosa la kutomlipa, ambalo kwangu ni baya zaidi. Simu haina budi kujaribu tena. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhakikisha kwamba kurudia ombi hakubadilishi matokeo, hata likirudiwa mara kumi.

Kiwango cha HTTP, RFC 9110 cha mwaka 2022, kinalieleza jambo hili waziwazi: ombi la `PUT` au `DELETE` likirudiwa linatarajiwa kuacha athari ile ile ambayo lingeiacha mara moja, na `POST` haina ahadi hiyo. Hata hivyo, jina la njia peke yake halifanyi kazi kwa niaba yako. Nimeona `PUT` ambayo ndani yake huongeza mstari mpya kila inapoitwa. Kinachotakiwa ni seva iweze kutambua kwamba ombi hili ni lile lile la awali, na haiwezi kulitambua bila alama ambayo simu yenyewe imeliwekea ombi hilo.

Hapa nina msisitizo ambao sitaacha kuurudia: alama hiyo lazima izaliwe pale rekodi inapozaliwa, yaani sekunde ile karani anapobonyeza “hifadhi”, na iandikwe kwenye hifadhidata ya simu katika muamala mmoja na rekodi pamoja na kitendo cha foleni. Nimefungua programu kadhaa ambazo wasanidi wake walinihakikishia kwamba wanatumia UUID, nikakuta UUID inatengenezwa ndani ya kitendakazi cha kutuma. Maana yake kila jaribio linabeba alama mpya, na seva inaliona kila moja kuwa ombi geni kabisa. Alama ya namna hiyo haina manufaa yoyote. UUID ya toleo la 4 ina biti 122 za nasibu, kwa hiyo simu inaweza kuitengeneza bila kuiuliza seva wala kuhofia kugongana na simu nyingine. Hakuna sababu ya kuichelewesha hadi wakati wa kutuma.

Upande wa seva, njia ninayoipendelea ni kuifanya alama hiyo kuwa ufunguo mkuu wa jedwali lenyewe. Katika PostgreSQL, kuanzia toleo la 9.5, inatosha kuandika hivi:

```sql
INSERT INTO mapokezi (id, mkulima_id, lita, muda_wa_kupima)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (id) DO NOTHING;
```

Jaribio la pili la saa 08:10:21 lingefika na `id` ile ile, hifadhidata isingeongeza mstari, na seva ingejibu kwamba rekodi imepokelewa. Jibu hilo liwe la kufaulu, kama lile la kwanza. Ukirudisha kosa la 409, programu nyingi zitaamini kwamba rekodi imekataliwa, zitakiacha kitendo kichwani mwa foleni, na vitendo vyote vilivyo nyuma yake vitakwama. Kosa lirudishwe tu pale alama ile ile inapokuja na yaliyomo tofauti, kwa mfano lita 11.5 zimegeuka 15.1, kwa sababu hapo kuna hitilafu ya kweli ndani ya programu.

Kuna sehemu moja zaidi inayosahaulika. Katika mfumo ule ule, baada ya kuzuia mistari rudufu, salio la mkulima liliendelea kuzidi, kwa kuwa seva ilikuwa ikiongeza lita kwenye safu ya salio na kutuma ujumbe mfupi wa simu kila ombi lilipofika, bila kujali kama mstari umeandikwa au umepuuzwa. Kila athari ya ombi inapaswa kufungwa kwenye muamala ule ule na kufanyika tu iwapo mstari mmoja umeingia kweli. Ujumbe mfupi nao usitumwe papo hapo, bali uwekwe kwenye jedwali la ujumbe unaosubiri ndani ya muamala huo. Kwa salio, ni salama zaidi kulijumlisha kutoka kwenye mistari ya mapokezi kuliko kulilimbikiza pembeni.

Dhana: Rudufu zote zina chanzo kimoja.

Hazina, na umbali wa muda baina ya mistari pacha ndio utakaokueleza. Pale umbali unapokaribiana na muda wa kusubiri ukijumlishwa na mapumziko, kama zile sekunde 13 za mfano wetu, jibu lilipotea. Ukiwa ni sehemu ndogo ya sekunde, wafanyakazi wawili wa nyuma ya pazia wameisoma foleni kwa pamoja, mmoja ameamshwa na kurudi kwa mtandao na mwingine na kufunguliwa kwa programu. Kwenye Android dawa yake ni `enqueueUniqueWork` kwa kanuni ya `KEEP`. Ikiwa muda wa kupima ulioandikwa na simu yenyewe unatofautiana kwa sekunde moja au mbili, karani amebonyeza kitufe mara mbili, na hizo ni rekodi mbili zenye alama mbili ambazo seva haiwezi kuzitofautisha na vipimo viwili halali. Kuzima kitufe baada ya mbonyezo wa kwanza kunatibu hali hii ya mwisho tu, ingawa ndiyo dawa ninayoonyeshwa kwanza kila niitwapo.

Dhana: Seva itafute kwanza kama rekodi ipo, ndipo iandike.

Maombi mawili yanaweza kutafuta kwa wakati mmoja, yote yakakosa, na yote yakaandika. Hali hiyo hutokea hasa seva inapoelemewa, wakati ombi la kwanza bado linashughulikiwa na la pili limeshafika. Sharti la upekee ndani ya hifadhidata ndilo pekee lililo mahali panapofaa kuamua.

Dhana: Tutazifuta usiku kwa kulinganisha jina, tarehe na kiasi.

Mkulima aliyeleta madumu mawili ya lita 10, yakapimwa moja baada ya jingine, ana mistari miwili inayofanana kwa kila kitu anachokijua mchakato wenu wa usiku. Mkifuta mmoja, mmemnyang’anya lita 10, naye atafika ofisini na kijidaftari chake akiwa na haki yote. Kwa rudufu zilizokwisha kuingia kabla ya marekebisho, linganisheni na hifadhidata ya simu iliyopima, ambayo ina idadi ya kweli, kabla karani hajaifuta programu na kuisakinisha upya.

Dhana: Tukizitunza alama kwa saa 24 inatosha.

Muda huo unafaa kwa mifumo ya malipo ambako mteja hujaribu tena ndani ya dakika chache. Simu ya kituo cha mlimani inaweza kupasuka kioo, ikakaa kabatini wiki tatu ikisubiri fundi, kisha ikawashwa ikiwa bado na vitendo vinane ambavyo seva ilishaviandika bila simu kupata jibu. Seva iliyokwisha kufuta alama zake itavipokea vyote kama vipya. Alama iliyo ufunguo mkuu wa mstari haifutwi maadamu mstari wenyewe upo, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kutoiweka kwenye jedwali la pembeni lenye tarehe ya kuisha.